Dakika kumi za mpango kwenye insha ya Agano la Kale

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwinjilisti, nasoma stashahada ya theolojia mwaka wa pili hapa Dodoma. Mtihani wetu wa Agano la Kale ni saa tatu, tunachagua maswali matatu ya insha, kila moja alama 20. Nasoma sana, ila swali la kwanza hunila muda, la pili naandika harakaharaka, la tatu naliacha nusu. Tunaambiwa tutumie dakika kumi kupanga kabla ya kuandika. Nimejaribu, naona ni dakika zinazopotea, maana nikishaorodhesha ninayoyajua bado sijui nianzie wapi. Kwenye mtihani wa majaribio tulipewa hili: “Amosi hakupinga ibada, alipinga waabuduo. Jadili kauli hii kwa kurejelea kitabu cha Amosi.” Nilijaza kurasa tano nikapata 9. Hizo dakika kumi zinatumikaje hasa? Na nikikumbuka hoja nzuri wakati nimeshaanza kuandika, nifanyeje?

Marahaba. Nianze na hizo kurasa tano, kwa sababu nadhani najua zilivyokuwa hata bila kuziona. Ukurasa wa kwanza ni Amosi mwenyewe: mtu wa Tekoa, mchungaji na mtunza mikuyu, alihubiri karne ya 8 KK wakati wa Uzia kule Yuda na Yeroboamu wa pili kule Israeli. Ukurasa wa pili ni utajiri wa Samaria, nyumba za pembe na vitanda vya pembe. Wa tatu ni dhuluma: maskini kuuzwa kwa jozi ya viatu, mizani ya udanganyifu. Wa nne ndipo ibada ilipotajwa kwa mara ya kwanza. Wa tano ulikuwa mahubiri kwa kanisa la leo. Kama nimekaribia, basi msahihishaji alikuwa na ukurasa mmoja na nusu tu wa kukupa alama, na 9 alizokupa si haba.

Kilichokupata ni kwamba ulipanga kwa kuorodhesha. Orodha ya unayoyajua kuhusu Amosi haibadiliki, swali liwe lolote, kwa hiyo haiwezi kukuambia uanzie wapi. Dakika kumi zina kazi mbili: kuamua jibu lako ni lipi, na kuamua utaacha nini. Kuandika mistari ya Biblia pembeni ni maandalizi tu ya kazi hizo mbili.

Tuweke saa kwanza. Tuseme mtihani unaanza saa 3:00 asubuhi na kuisha saa 6:00 mchana. Dakika tano za mwanzo soma maswali yote na uchague. Dakika kumi za mwisho ni za kupitia kijitabu chote cha majibu. Zinabaki dakika 165, yaani 55 kwa kila swali: 10 za kupanga, 40 za kuandika, 5 za kusoma ulichoandika. Kwa hiyo swali la kwanza linakwisha saa 4:00 kamili, la pili saa 4:55, la tatu saa 5:50. Andika saa hizo tatu juu ya karatasi ya maswali kabla hujafanya kitu kingine, kwa kuwa katikati ya mtihani hakuna anayeweza kupiga hesabu hizo kwa utulivu. Simu hairuhusiwi, na saa ya ukutani mara nyingi iko nyuma yako au imesimama, basi uwe na saa ya kawaida ya mkononi.

Kwa nini niwe mkali na saa 4:00? Kwa sababu alama hazigawanyiki sawa ndani ya swali. Insha ambayo tayari ina thamani ya 13 ukiiongezea robo saa, labda itafika 14. Robo saa hiyohiyo ukiipeleka kwenye swali la tatu lililokuwa na aya moja, inaweza kulitoa 5 ikalifikisha 10. Alama za kwanza za kila swali ni rahisi kupata, za mwisho ni ngumu. Wewe umekuwa ukinunua zile za bei ghali.

Jambo jingine la kujua kabla ya siku yenyewe ni unaandika kiasi gani. Kaa mezani, jipimie dakika kumi, andika kwa mkono aya ya kufikiri kweli, si ya kunakili, kisha hesabu maneno. Wanafunzi wengi huangukia maneno 120 hadi 150. Kwa dakika 40 hiyo ni kama maneno 500 au 600. Kiasi hicho kinabeba utangulizi mfupi, aya nne zenye hoja, na hitimisho fupi. Aya ya tano haina mahali pa kukaa. Basi ukipanga, unapangia aya nne: dakika 4 za utangulizi, 8 kwa kila aya, 4 za mwisho, jumla 40.

Sasa tulichukue swali lako na tulifanyie zile dakika kumi.

Dakika mbili za kwanza usiandike hoja yoyote. Lisome swali mara mbili na upige mstari. Kauli ina nusu mbili: “hakupinga ibada” na “alipinga waabuduo”. Kila nusu inaweza kuwa kweli au si kweli peke yake, na wanafunzi wengi hujadili ya pili tu kwa kuwa ndiyo rahisi. “Jadili” inakutaka upime kauli pande zote na useme umefikia wapi. “Kwa kurejelea kitabu cha Amosi” inamaanisha sura na mstari, na inamaanisha pia kwamba Hosea na Mika si wageni waalikwa hapa. Halafu jiulize ni nini ambacho swali halikuuliza. Halikuuliza Amosi alikuwa nani. Halikuuliza hukumu juu ya Dameski na Gaza, wala maono ya nzige na timazi.

Dakika ya tatu hadi ya tano, mwaga mistari inayogusa ibada, kwa namba tu, bila maelezo. Ukurasa ugawe kwa mstari wa wima. Kushoto weka inayoiunga mkono kauli, kulia inayoipinga. Kushoto itakaa 2:8, watu wanaojilaza kando ya madhabahu juu ya nguo walizochukua rehani na kunywa divai ya waliotozwa faini. Itakaa 8:5, wafanyabiashara wanaosubiri mwezi mwandamo na sabato vipite ili wauze ngano kwa vipimo vya uongo. Kulia itakaa 5:21 hadi 23, Mungu anazichukia sikukuu, hazikubali sadaka, hataki kusikia nyimbo. Itakaa 5:25, swali kama kweli walileta dhabihu jangwani miaka arobaini. Itakaa 3:14 na 9:1, pembe za madhabahu kukatwa na vichwa vya nguzo kupigwa. Mistari 4:4 na 5:5 kuhusu Betheli na Gilgali hutajua uiweke wapi, na hilo ni jambo zuri. Mstari usiojua uuweke wapi ndio mara nyingi unaoficha jibu. Zungushie duara.

Hapa wengi hukwama kwa sababu wanataka kila walichokumbuka kiingie. Mwanafunzi wa Dodoma, kwa mfano, hawezi kuipita 5:11, kwamba mmepanda mashamba mazuri ya mizabibu lakini hamtakunywa divai yake. Ana mizabibu nyumbani, na mstari unampendeza. Lakini unazungumzia malipo ya dhuluma kwa maskini, hausemi kitu juu ya ibada. Uache. Na wale waliotoka kwenye mifugo, Bahi au Chamwino, huweza kuandika ukurasa mzima juu ya uchungaji wa Amosi, mzuri kabisa, usio na alama hata moja kwa swali hili.

Dakika ya sita na ya saba ndizo zenye uzito. Andika sentensi moja inayojibu swali. Sentensi kamili yenye kitenzi, ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuikatalia. “Amosi na ibada” si jibu. “Nitajadili pande zote mbili” nayo si jibu. Tazama lile duara. Kwa nini Betheli inatajwa tena na tena? Kumbuka 7:13, kuhani Amazia anamfukuza Amosi kwa kumwambia Betheli ni patakatifu pa mfalme. Hapo kuna kitu cha tatu ambacho kauli ya swali haikukitaja: kati ya ibada kama ibada na watu wanaoabudu, ipo taasisi, hekalu lililo mali ya kiti cha enzi. Jibu linaweza kuwa hivi: “Kauli ni kweli kwa sehemu: Amosi haikatai ibada yenyewe, lakini hukumu yake haiishii kwa waabuduo, inafika mpaka kwenye taasisi ya Betheli iliyofungamana na ufalme.”

Ukifika dakika ya saba huna sentensi, usiendelee kukodolea ukurasa. Chukua kauli ya swali kama ilivyo, ongeza “lakini”, na ujilazimishe kuimalizia kwa mstari mmoja wa safu ya kulia. Ikigoma hata hivyo, badilisha swali sasa hivi. Kubadilisha dakika ya saba kunakugharimu dakika saba. Kubadilisha dakika ya thelathini kunakugharimu mtihani.

Dakika ya nane na ya tisa panga aya nne, kila moja na dai lake na mistari yake. Kwenye karatasi itaonekana hivi, kwa mkato huuhuu:

JIBU: kweli kwa sehemu, si watu tu, na Betheli ya mfalme
1. Waabuduo: 2:8 (+ Kut 22:26), 8:5
2. Ibada yenyewe haikataliwi: 2:11-12
3. LAKINI 5:21-25, kali. Jibu: 5:24, Isa 1:15. Kubali 5:25 ngumu
4. Betheli: 4:4, 5:5, 7:13, 9:1

Angalia ninachofanya kwenye namba 2. Katika 2:11 na 12 Mungu analalamika kwamba aliwainua Wanadhiri na manabii, nao wakawanywesha Wanadhiri divai. Nadhiri ni tendo la ibada, na Amosi analitetea. Msahihishaji aliyesoma insha thelathini zenye 5:24 peke yake ataufurahia mstari huu, kwa kuwa unathibitisha nusu ya kwanza ya kauli kutoka mahali ambapo wengi hawatazami.

Namba 3 nimeiwekea “LAKINI” kwa herufi kubwa makusudi. Aya hiyo ndiyo inayofanya insha iwe mjadala. Unaweka mbele ushahidi mkali kuliko wote dhidi yako, kisha unaujibu: mara baada ya kukataa sikukuu, sadaka na nyimbo, mstari wa 24 unataja kinachokosekana, yaani hukumu itelemke kama maji. Isaya 1:15 anasema Mungu hatasikia hata maombi ya watu wenye mikono iliyojaa damu, na hakuna anayedai kwamba Isaya alifuta maombi. Isaya hapa namruhusu kwa nusu sentensi tu, kama shahidi. Kisha ukubali kwamba 5:25 bado ni mgumu, kwa sababu unaelekea kusema dhabihu haikuwa msingi wa uhusiano wa Israeli na Mungu tangu jangwani. Kukubali hivyo hakukupunguzii alama. Kunaonyesha umeusoma mstari wenyewe badala ya muhtasari wa darasani.

Dakika ya kumi ni ya kufuta na kugawa saa. Piga mstari juu ya vyote visivyoingia kwenye aya nne: Tekoa, vitanda vya pembe, mizabibu. Kando ya kila aya andika saa inayopaswa kwisha. Ukianza kuandika saa 3:15, utangulizi unakwisha 3:19, aya ya kwanza 3:27, ya pili 3:35, ya tatu 3:43, ya nne 3:51, hitimisho 3:55.

Utajuaje kama mpango ni mzuri kabla hujautumia? Soma vichwa vya aya zako nne mfululizo. Kama unaweza kuvibadilishia mpangilio, cha nne kiwe cha kwanza, bila insha kuharibika, bado una orodha. Katika mpango ule wa juu, namba 3 haiwezi kuja kabla ya 2, kwa sababu inaishambulia, na 4 inachukua kile ambacho kauli ya swali iliacha. Dalili nyingine utaiona wakati wa kuandika: kila aya ikianza na “Pia Amosi alisema”, mpango ulishakufa muda mrefu.

Utangulizi wa dakika nne ni sentensi tatu. Ya kwanza inaweka mazingira, hapo Yeroboamu wa pili anapata nusu mstari wake. Ya pili ni lile jibu. Ya tatu inasema njia utakayopita. Wengi huogopa kutoa jibu mapema, kana kwamba wanamharibia msomaji hadithi. Msahihishaji hasomi hadithi. Ana rundo la vijitabu, na akiliona jibu mwanzoni anajua kila aya inaelekea wapi.

Aya nayo iende hivi, nikichukua ya kwanza: “Amosi anawashutumu waabuduo wenyewe waziwazi. Katika 2:8 watu wanajilaza kando ya madhabahu juu ya nguo za rehani, wakati sheria ya Kutoka 22:26 iliagiza nguo ya rehani irudishwe kabla jua halijatua. Kosa halimo katika madhabahu. Limo katika nguo iliyotandikwa kando yake. Vivyo hivyo katika 8:5 sabato haishutumiwi, bali ndiyo inayowachelewesha wafanyabiashara kudanganya.” Dai, mstari, maelezo ya kwa nini mstari huo unathibitisha dai. Hiyo sehemu ya tatu ndiyo wanafunzi huiruka, wakidhani mstari unajieleza. Usipoteze dakika kunakili mstari mzima neno kwa neno. Sema maudhui yake na namba. Namba ikikutoka kichwani andika “sura ya 5” na uendelee. Sura sahihi bila mstari ni bora kuliko mstari wa kubuni, ambao msahihishaji wa Agano la Kale ataujua papo hapo.

Sasa neno kwako kama mwinjilisti. Mimbarini umezoea kumalizia kwa “nasi leo”, na ni haki. Kwenye mtihani, “nasi leo” inapata alama pale tu swali linapouliza umuhimu wa ujumbe kwa kanisa au jamii ya sasa. Swali hili halikuuliza. Hitimisho lako la dakika nne lirudi kwenye kauli, liseme ni kwa kiasi gani ni kweli na ni kipi ilichoacha, basi.

Saa ikikugeuka ufanye nini? Aya ikifika dakika ya nane haijaisha, maliza sentensi uliyo nayo, ruka mistari mitatu, nenda aya inayofuata. Ikifika saa 4:00 hujamaliza swali, acha nusu ukurasa na ufungue swali la pili. Nafasi hiyo utairudia saa 5:50 ukiwa na dakika kumi. Na ikitokea umefika swali la tatu saa 5:35, bado panga, ila kwa dakika tatu: jibu na aya mbili, ile yenye ushahidi mzito na ile yenye “lakini”. Aya mbili zenye jibu zinashinda aya nne za maelezo ya jumla. Zikibaki dakika mbili, hoja zilizosalia ziandike kama sentensi kamili fupi zenye mistari yake. Mpango wenyewe uandike mahali maelekezo ya kijitabu yanaporuhusu kazi ya rasimu, na uukate kwa mstari mmoja unaoonekana wazi.

Maswali ya “linganisha” yana mtego wao. Ukiulizwa Amosi na Hosea, usipange aya mbili za Amosi kisha mbili za Hosea. Panga kwa hoja, kila aya iwe na wote wawili. Vinginevyo ulinganishi unaachiwa msahihishaji aufanye mwenyewe, naye hataufanya.

Mazoezi yake ni rahisi: chukua maswali ya mitihani iliyopita, uyapangie tu, dakika kumi kila moja, bila kuandika insha. Ukifanya matatu jioni moja utakuwa umefanya kazi ngumu ya mtihani mzima kwa nusu saa. Insha kamili andika moja kwa wiki, ya kupimia mkono.

Na hoja inayokujia katikati. Iandike neno moja pembeni na umalize aya uliyomo. Kisha uliza inakaa wapi. Tuseme uko aya ya pili, ghafla unakumbuka 8:14, wale wanaoapa kwa mungu wa Dani. Hiyo ni ya mahali pa ibada, kwa hiyo inaingia aya ya nne pamoja na Betheli, nusu sentensi, na hakuna kinachobadilika. Kama hoja ni nzuri kuliko iliyo kwenye aya ambayo hujaiandika, badilishana nayo, usiongeze. Kama inapingana na jibu lako, ipeleke kwenye aya ya tatu, huko ndiko vipingamizi vinakokaa. Ila jibu lenyewe, lile la dakika ya saba, usiliguse tena ukishaandika utangulizi. Ukiona halisimami sawasawa, liwekee mpaka kwenye hitimisho: “kauli hii inathibitika zaidi katika sura ya 2 na ya 8 kuliko katika sura ya 5.” Sentensi hiyo ni sahihi, na inaandikika kwa nusu dakika.